Kabla Dashibodi Haijaachiwa Ijihuishe Yenyewe

Msambazaji wa vinywaji mwenye maghala manne Dar es Salaam, yaani Mbagala, Temeke, Ubungo na Tegeta, anafuatilia mauzo ya wiki kwenye dashibodi ya Power BI. Kila Jumamosi saa sita mchana afisa takwimu anapakua ankara kutoka mfumo wa mauzo, anazibandika kwenye faili la Excel, anarekebisha mambo mawili matatu, kisha anahuisha dashibodi. Jumatatu asubuhi mameneja wanaingia kikaoni na takwimu zikiwa mbele yao. Siku moja mkurugenzi anauliza kwa nini asubiri hadi Jumatatu kujua yaliyouzwa Alhamisi. Fundi anapewa kazi ya kuiunganisha dashibodi moja kwa moja na kanzidata ya mfumo wa mauzo ili ijihuishe kila usiku.

Msambazaji huyu nimemtunga, na shilingi nitakazozitaja ni za mfano. Lakini atakayoyapitia yanaikuta karibu kila ofisi inayohama kutoka kazi ya mkono kwenda kazi ya mashine. Kuunganisha si kugumu. Fundi mzoefu humaliza ndani ya siku chache. Ugumu uko kwenye yale mambo mawili matatu ambayo afisa takwimu huyarekebisha kila Jumamosi. Hayajaandikwa popote. Mwenyewe akiulizwa atasema hafanyi chochote cha ajabu, na atakuwa anasema kweli, kwa kuwa mkono wake umeshayazoea. Orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha hutengenezwa kwanza kabisa ili kuyafichua hayo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu kompyuta. Fundi akae na afisa takwimu Jumamosi moja nzima, amwangalie anavyofanya kazi, na aandike kila anapofuta mstari, anapobadilisha jina au anapofungua faili jingine. Asimuulize tu kwa mdomo. Maswali huleta majibu ya jinsi kazi inavyopaswa kufanyika, na kinachotafutwa hapa ni jinsi inavyofanyika. Karatasi itakayotoka hapo ndiyo rasimu ya kwanza ya kanuni ambazo mashine itafundishwa.

Hata hivyo, Jumamosi moja haitoshi kuyaona yote. Ndiyo maana kuna kipindi cha kuendesha njia mbili sambamba: afisa anaendelea kuhuisha dashibodi ya zamani kwa mkono, na dashibodi mpya inajihuisha kando, huku takwimu zake zikionwa na watu wachache tu wanaozikagua. Katika kipindi hicho takwimu rasmi ni za dashibodi ya zamani. Hili lisemwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu picha ya skrini ya dashibodi mpya ikishapenya kwenye kundi la WhatsApp la mameneja wa maghala, kampuni itakuwa na takwimu mbili za wiki moja, na kila meneja atachagua inayompendeza.

Kipindi hiki kiwe kirefu kiasi gani? Wengi huchagua wiki mbili kwa kuwa ni rahisi kuziombea ruhusa. Mimi naona kipimo kisiwe idadi ya wiki, kiwe matukio ambayo lazima yapitiwe. Kwa msambazaji wetu, kipindi lazima kikutane na angalau mwisho mmoja wa mwezi, wahasibu wanapofunga hesabu na ankara za kuchelewa zinapoingizwa kwa wingi. Kikutane pia na sikukuu moja au siku nyingine isiyo ya kawaida, ikiwezekana. Kwa dashibodi ya wiki, hiyo ni kama wiki tano au sita. Kipindi kisichogusa mwisho wa mwezi hakijaipima dashibodi siku ambayo kila mtu ataitazama.

Sasa tuangalie wiki ya kwanza. Dashibodi ya mkono inasema mauzo ni shilingi 412,600,000. Mpya inasema 431,850,000. Tofauti ni 19,250,000. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu mtu hutamka kwamba tofauti ni ndogo na wiki ijayo itapungua. Tofauti ya jumla haisemi lolote mpaka ivunjwevunjwe, na njia ya kuivunja ni kushuka ngazi moja moja: kutoka jumla kwenda ghala, kutoka ghala kwenda siku, kutoka siku kwenda ankara. Ukifika kwenye ankara, unapanga namba za ankara za pande zote mbili na kuona zipi ziko upande mmoja tu.

Kwa upande wa kanzidata, swali la kuanzia ni fupi:

```sql
SELECT ghala, COUNT(*) AS ankara, SUM(kiasi) AS jumla
FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2025-03-03'
  AND tarehe <  '2025-03-09'
GROUP BY ghala;
```

Wiki hapa inaanza Jumatatu tarehe 3 na kuisha Jumamosi tarehe 8, maana maghala hayafunguliwi Jumapili. Angalia mpaka wa mwisho: tumeandika chini ya tarehe 9, hatukuandika isiyozidi tarehe 8. Mifumo mingi hutunza tarehe pamoja na saa, na kwa kanzidata `'2025-03-08'` ni sekunde ya kwanza ya Jumamosi. Ukiandika `<= '2025-03-08'`, mauzo karibu yote ya Jumamosi yanaachwa nje bila ujumbe wowote wa kosa.

Kwa msambazaji wetu tofauti ile iligawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza, shilingi 11,400,000, lilikuwa bidhaa zilizorudishwa na wateja. Afisa alikuwa akizitoa kwa kutumia faili la pili analoletewa na ghala, na fundi hakujua kama faili hilo lipo. Fungu la pili, 2,150,000, lilikuwa ankara za majaribio zilizotolewa kwa mteja bandia wakati wa kufundisha karani mpya. Afisa alizifuta kwa macho kila alipoziona. Yote mawili ni kanuni halali ambazo mashine ilipaswa kupewa.

Fungu la tatu, 5,700,000, lilikuwa tofauti kabisa. Hayo yalikuwa mauzo ya Jumamosi alasiri. Afisa alipakua saa sita mchana, na wiki iliyofuata alianzia Jumatatu. Mauzo ya Jumamosi alasiri hayakuwahi kuhesabiwa katika wiki yoyote. Kwa fungu hili mashine ilikuwa sahihi, na dashibodi iliyoaminiwa muda wote ilikuwa na pengo.

Jambo hili linahitaji uangalifu, kwa sababu huwa tunaichukua njia ya zamani kuwa ndiyo ukweli na kuilazimisha mpya ifanane nayo. Kulinganisha kunaonyesha tu wapi zinatofautiana. Ili kujua ipi imekosea lazima kuwe na shahidi wa tatu, kama vile ripoti ya mauzo iliyochapwa na mfumo wenyewe, au ankara zilizofungwa kwenye majalada ya ghala. Chukua ankara kumi za kila fungu, zifuate hadi kwenye karatasi. Na ukigundua kwamba ya zamani ndiyo iliyokosea, kuna deni jingine la kulipa: mauzo ya wiki yatapanda kuanzia siku ya kuwasha bila soko kubadilika. Mstari wa grafu lazima uwekewe alama ya siku hiyo na maelezo mafupi, au wiki za nyuma zihesabiwe upya. La sivyo, mtu atasifiwa kwa ukuaji ambao haukutokea.

Wiki ya pili, baada ya kanuni mbili za kwanza kuingizwa na afisa kukubali kupakua Jumamosi jioni, jumla za pande zote mbili zililingana hadi shilingi ya mwisho. Fundi angeweza kufunga kazi hapo. Lakini ghala la Temeke lilizidi kwa 8,300,000 na la Mbagala likapungua kwa kiasi hichohicho. Wateja kadhaa walihamishiwa ghala la Mbagala, na mfumo bado unawaandika chini ya Temeke. Afisa alikuwa akiwahamisha mwenyewe kwenye Excel. Jumla haikuguswa, ilhali malengo ya mauzo yanapangwa kwa ghala. Kwa hiyo linganisha kwenye ngazi ambayo watu wanaifanyia maamuzi, usiridhike na namba kubwa ya juu. Na marekebisho ya aina hii yasifichwe ndani ya fomula za dashibodi. Yafanyike kwenye mfumo wa mauzo, ambako mteja amesajiliwa. Ikishindikana, yawekwe kwenye jedwali dogo la wateja na maghala lenye mtu wa idara ya mauzo anayewajibika nalo kwa jina.

Kisha ikaja wiki ya nne. Mtu akafungua tena wiki ya kwanza kwenye dashibodi mpya na kuona 416,900,000 badala ya 418,300,000 iliyokubaliwa. Hakuna kilichoharibika. Ghala la Ubungo lilikuwa limefuta ankara moja ya 1,400,000 iliyokosewa, na dashibodi mpya husoma historia nzima upya kila usiku. Kazi ya mkono ilikuwa kama picha: ikishapigwa, haibadiliki. Dashibodi inayojihuisha hubadilika kila mara yaliyopita yanaporekebishwa. Mkurugenzi aliyechapisha ripoti ya wiki ile na kuipeleka benki atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Uamuzi unaofaa kwa biashara kama hii ni kuacha namba zisogee mpaka wahasibu wafunge mwezi, kisha za mwezi uliofungwa zihifadhiwe kando na zisiguswe tena, na sentensi moja kwenye dashibodi iseme hivyo. Ili kuweza kufuatilia haya yote, kila wiki ya kipindi cha sambamba faili la mkono na nakala ya takwimu za dashibodi mpya zihifadhiwe kwa tarehe na saa. Bila nakala hizo, baada ya wiki tatu hakuna atakayeweza kuthibitisha kilichokuwa kimelingana.

Tofauti zikishaelezwa, inabaki kuhakikisha kwamba dashibodi itajihuisha kweli, na kwamba ikishindwa watu watajua. Hapa hatari si ile ya skrini kuwa tupu, maana hiyo kila mtu huiona. Hatari ni skrini nzuri, yenye rangi zake zote, inayoonyesha takwimu za Jumanne iliyopita.

Power BI ya mtandaoni, ikitaka kusoma kanzidata iliyo ndani ya ofisi, hupitia programu ya daraja inayowekwa kwenye kompyuta ya ofisini. Programu hiyo ikiwekwa kwenye kompyuta mpakato ya mtu, siku atakapoifunga na kwenda nayo nyumbani, usiku huo hakuna kitakachohuishwa. Iwekwe kwenye seva isiyozimwa. Nenosiri linalotumika kusoma kanzidata lisiwe la mfanyakazi. Liwe la akaunti iliyofunguliwa kwa kazi hiyo, yenye ruhusa ya kusoma tu. Akaunti ya mtu ikifungwa anapoacha kazi, au nenosiri lake likibadilishwa, dashibodi inakwama siku hiyohiyo. Barua pepe ya kushindwa pia, usipobadilisha mpangilio, humwendea mmiliki wa data peke yake. Ongeza anwani ya kundi. Tena jua kwamba Power BI ikishindwa kuhuisha mara 4 mfululizo, huizima ratiba yenyewe, na lazima mtu airudishe kwa mkono baada ya kutatua tatizo.

Ratiba nayo ina mtego wake kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Ukiipanga saa nane usiku, fomula ya `TODAY()` ndani ya huduma ya Power BI ya mtandaoni hufuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa nane usiku ya Jumanne hapa Dar es Salaam, huko bado ni saa tano usiku ya Jumatatu. Safu yoyote inayokokotolewa wakati wa kuhuisha kwa kutegemea leo itachelewa siku moja. Kwenye kompyuta ya fundi kosa hili halionekani kabisa, kwa sababu pale fomula hufuata saa ya kompyuta yenyewe. Panga kuhuisha saa kumi alfajiri, wakati tarehe zimeshalingana, na kabla ya hapo hakikisha kazi za usiku za mfumo wa mauzo huwa zimekwisha. Angalia zinaisha saa ngapi usiku wa kufunga mwezi, maana usiku huo ndio mrefu kuliko yote.

Baada ya hapo, weka juu ya dashibodi nyakati mbili badala ya moja. Wa kwanza ni lini dashibodi ilihuishwa. Wa pili ni lini ankara ya mwisho ya kila ghala ilitolewa. Kuhuisha kunaweza kufanikiwa kikamilifu huku ghala la Tegeta halijatuma chochote tangu jana kwa sababu ya intaneti. Ukionyesha wakati wa kwanza peke yake, dashibodi itaapa kwamba iko safi huku ghala zima halipo.

Jaribio ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi, ni kuiharibu dashibodi kwa makusudi. Usiku mmoja wa kipindi cha sambamba, zima ile programu ya daraja, usimwambie yeyote isipokuwa msimamizi wa mradi. Asubuhi angalia: barua pepe ilimfikia nani, saa ngapi? Aliyeipata alijua cha kufanya? Kwenye dashibodi, wakati wa kuhuishwa uligeuka rangi nyekundu au uliendelea kuonekana kawaida? Ilichukua muda gani hadi takwimu za jana zirudi? Majibu yaandikwe. Kama hakuna aliyegundua hadi mchana, dashibodi haijawa tayari, hata kama takwimu zake zote zimelingana.

Sasa tuje kwenye saini. Watu wengi humwachia fundi, na fundi anaweza kuthibitisha tu kwamba dashibodi inafanya alichoambiwa ifanye. Anayepaswa kukubali kwamba takwimu zenyewe ni sahihi ni yule atakayeulizwa zikikosea. Kwa msambazaji wetu huyo ni meneja mauzo, akiwa na mhasibu mkuu kwa sababu ya bidhaa zilizorudishwa na miezi iliyofungwa. Afisa takwimu naye atie saini yake kwamba kila alichokuwa akikifanya Jumamosi kimeingia kwenye kanuni au kimeachwa kwa makubaliano. Fundi atie saini kuhusu ratiba, akaunti na jaribio la kuharibu.

Karatasi yenyewe isizidi kurasa mbili. Ianze na maana: mauzo halisi ni ankara zilizotolewa, kutoa bidhaa zilizorudishwa, bila VAT, bila mteja wa majaribio, Jumatatu hadi Jumamosi usiku wa manane. Ifuate orodha ya tofauti zote zilizoonekana, kiasi chake, chanzo chake na uamuzi uliotolewa kwa kila moja.

Kuhusu kiwango cha tofauti kinachovumilika, kuna mazoea ya kuandika asilimia moja. Siyakubali. Asilimia moja ya 412,600,000 ni zaidi ya milioni 4, na ankara za majaribio za 2,150,000 zingepita hapo kila wiki bila kuulizwa. Kiwango kiwe hivi: idadi ya ankara ilingane kabisa, kiasi kilingane isipokuwa senti za kukadiria, na kila tofauti kubwa zaidi ya hapo iwe na maelezo yanayofika hadi kwenye namba ya ankara. Tofauti kubwa yenye maelezo inakubalika. Ndogo isiyo na maelezo haikubaliki. Na iandikwe mapema, kabla wiki ya kwanza haijaanza, maana kiwango kinachowekwa baada ya kuona matokeo huwekwa ili kiyapitishe.

Mwisho wa karatasi uwe na njia ya kurudi: nani ana mamlaka ya kusema turudi kwenye mkono, na afisa atatumia faili gani. Siku ya kuwasha isiwe Jumatatu wala mwisho wa mwezi. Jumanne au Jumatano ya katikati ya mwezi inampa fundi nafasi ya kushughulikia lolote kabla ya kikao. Afisa takwimu asipangiwe likizo wala kazi nyingine kubwa katika mwezi wa kwanza, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kuitambua takwimu isiyo ya kawaida kwa kuiangalia tu. Dashibodi ya zamani siku hiyohiyo ifungwe isihaririwe, iwekewe maandishi makubwa ya tarehe iliyokoma na kiungo cha kwenda kwenye mpya. Tafuta pia watu waliokuwa wakinakili namba kutoka ile ya zamani kwenda kwenye ripoti zao za mwezi. Kwa kawaida wapo, na hakuna aliyewaambia.

Kama dashibodi ya ofisi yako iko njiani kuhamishwa, mwombe msimamizi wa mradi akuonyeshe vitu viwili: orodha ya tofauti za kipindi cha sambamba ikiwa na maelezo ya kila moja, na matokeo ya usiku ule dashibodi ilipoharibiwa kwa makusudi. Kimoja kikikosekana, usitie saini.